Nani Alifanya Nini? Kutenda na Kutendwa Katika Ripoti za Kamati Zetu

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Karurumo mbele ya makatibu na wawekahazina wa kamati za maji, bodi za shule na vikundi vya wakulima. Tumeyachapisha kwa faida ya wakazi wengine wa kaunti wanaoandika ripoti au wanaozisoma.



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo dogo katika uandishi wa ripoti. Sitazungumzia kompyuta wala muhuri, wala mahali pa kuweka tarehe. Nitazungumzia kitenzi. Katika kazi yangu husoma ripoti nyingi zinazotoka kwenye kamati za vijijini, na mara nyingi mimi hufika mwisho wa ukurasa nikijua kwamba mambo mengi yalifanyika, lakini nisijue aliyeyafanya. Msomaji akifika hapo ana kazi moja tu, nayo ni kupiga simu na kuuliza. Na ikiwa waliokuwapo wamehama, au kamati imebadilishwa, hana hata wa kumpigia.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kitenzi cha Kiswahili hunyambuliwa. Tukichukua neno "vunja", tunapata "vunjwa" na pia "vunjika". Mwalimu aliita ya kwanza kauli ya kutenda, ya pili kauli ya kutendwa, na ya tatu kauli ya kutendeka. Tulijaza mapengo, tukapata alama, tukafunga kitabu. Leo nataka tukifungue tena, kwa sababu kauli hizo tatu ndizo zinazoamua kama ripoti itamsaidia msomaji au itamwacha gizani.

Lugha inatupa kauli tatu

Sikilizeni sentensi hizi. "Mlinzi alivunja kufuli." "Kufuli lilivunjwa." "Kufuli lilivunjika." Kufuli ni lile lile na hali yake ni ile ile, yaani limevunjika, lakini sentensi hizo zinasema mambo matatu tofauti.

Ya kwanza inamtaja mtu na kitendo chake. Ya pili haimtaji, lakini inasema wazi kwamba yupo. Ukisema kufuli lilivunjwa, umesema kuna mkono wa mtu. Ya tatu haisemi kwamba kuna mtu yeyote. Huenda ni kutu, huenda ni uzee wa kufuli, huenda ni mtu. Sentensi yenyewe haijali.

Kuna njia rahisi ya kuona tofauti hiyo. Mwishoni mwa sentensi, ongeza maneno "na nani?" Kufuli lilivunjwa na nani? Swali linakubalika, na jibu linaweza kuingia hapo hapo: lilivunjwa na mlinzi. Sasa jaribu na ya tatu. Kufuli lilivunjika na nani? Sikio linakataa. Hakuna Mswahili anayesema hivyo, wala hapa kwetu Embu hatusemi. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtendaji. Mlango wake umefungwa.

Hili ni muhimu kwa sababu mashauri mengi ya uandishi tuliyosoma yametokana na Kiingereza, na hayo hutuonya juu ya kutendwa peke yake. Lakini katika Kiswahili kutendwa si ndiko kunakoficha zaidi. Kunakoficha zaidi ni kutendeka. "Pesa zilitumiwa" bado inaacha mlango wazi: zilitumiwa na nani? "Pesa zilitumika" imeufunga. Angalieni ripoti zenu mwone ni mara ngapi mmeandika "zilitumika" au "hazikupatikana". Simlaumu mtu. Maneno haya huja yenyewe kwa sababu yanasikika ya heshima na hayamchomi mtu yeyote. Lakini ripoti haiandikwi ili isimchome mtu. Inaandikwa ili msomaji ajue la kufanya.

Ripoti moja, vitenzi kumi na kimoja

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asitafute ni mradi wa nani. Tuseme kamati ya maji imeandika hivi:

"Mwezi wa Machi paipu kuu ilipasuka na huduma ya maji ikakatika. Hatua za dharura zilichukuliwa. Fundi aliitwa na ukarabati ukafanywa. Vifaa vilinunuliwa. Kiasi cha shilingi 48,000 kilitumika. Wakazi walijulishwa. Imependekezwa kwamba paipu ihamishwe. Jambo hili litafuatiliwa."

Kwa Kiswahili, ripoti hii haina kosa. Hakuna mwalimu atakayeipigia mstari mwekundu. Lakini hesabuni vitenzi: ilipasuka, ikakatika, zilichukuliwa, aliitwa, ukafanywa, vilinunuliwa, kilitumika, walijulishwa, imependekezwa, ihamishwe, litafuatiliwa. Ni kumi na kimoja. Vitatu ni vya kutendeka na vinane ni vya kutendwa. Cha kutenda hakuna hata kimoja. Katika ripoti nzima, watu pekee wanaotajwa ni fundi na wakazi, nao hawatendi lolote: fundi ameitwa tu, na wakazi wamejulishwa tu.

Sasa tuwafikirie watu watatu watakaoisoma. Wa kwanza ni mama anayechota maji kwenye kioski. Anataka kujua alikosa maji kwa siku ngapi, na paipu ikipasuka tena ampigie nani. Hapati. Wa pili ni afisa wa wadi anayeambiwa paipu ihamishwe. Anajiuliza: ihamishwe na nani, na nani amependekeza? Je, ni mkutano wa wakazi au ni mawazo ya katibu? Hapati. Wa tatu ni mkaguzi wa hesabu. Anataka kujua nani aliidhinisha shilingi 48,000, nani alizitoa benki, na nani alizipokea. Hapati. Wote watatu watakwenda kuuliza, na kila mmoja atapewa jibu kulingana na aliyemkuta.

Sasa tuiandike upya. Kwa kila kitenzi tujiulize: nani? Pale tunapojua, na pale ambapo msomaji anahitaji kujua, tuandike.

"Usiku wa tarehe 14 Machi mvua kubwa ilisomba udongo wa ukingo wa mto, na paipu kuu ikapasuka kwenye kiungo kilicho chini ya tangi. Mlinzi wa tangi alifunga valvu alfajiri na kumpigia simu katibu. Wakazi walikosa maji kwa siku sita. Mwenyekiti alimwita fundi, naye akafika tarehe 16 na kumaliza kazi tarehe 20. Mwenyekiti na katibu walitia sahihi idhini ya kutoa pesa, na mwekahazina akatoa benki shilingi 48,000. Alinunua paipu sita kwa shilingi 30,000 na viungo kwa shilingi 5,000, kisha akamlipa fundi shilingi 9,000. Shilingi 4,000 zilizobaki alizirudisha benki tarehe 21. Risiti zote zimeambatishwa. Katibu alibandika tangazo kwenye kioski tarehe 15 na tarehe 20. Mkutano wa wakazi wa tarehe 28 Machi uliazimia kwamba paipu ihamishwe mbali na ukingo. Katibu ataiandikia ofisi ya wadi kabla ya tarehe 10 Aprili, na ataleta jibu katika mkutano wa mwezi huo."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, hilo nakubali. Lakini angalieni jambo moja. Ripoti ya kwanza ilisema shilingi 48,000 zilitumika. Ya pili inaonyesha kwamba zilizotumika ni 44,000, na 4,000 zilirudi benki. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Neno "kilitumika" liliunganisha pesa zilizotolewa na pesa zilizotumiwa zikawa kitu kimoja. Katibu alipolazimika kuandika nani alinunua nini kwa bei gani, tofauti ikajitokeza yenyewe. Na aliyefaidika zaidi hapo ni mwekahazina. Kama ripoti ya kwanza ingebaki kwenye faili, halafu mwaka mmoja baadaye mtu ajumlishe risiti na kupata 44,000, mwekahazina angeulizwa maswali magumu kuhusu pesa alizozirudisha kwa uaminifu.

Kwa hiyo msidhani kwamba kumtaja mtendaji ni kumshtaki. Mara nyingi ni kumlinda.

Sheria nayo inamtafuta mtendaji

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya walimu wa lugha. Hebu tuangalie Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 226, ibara ya 5, kinasema kuhusu mwenye ofisi ya umma anayeelekeza au kuidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria au maagizo. Mtu huyo anawajibika kwa hasara inayotokana na matumizi hayo, na ni lazima aifidie, hata kama ameshaondoka katika ofisi hiyo.

Tazameni vitenzi vinavyobeba uzito hapo: kuelekeza, na kuidhinisha. Sheria haimtafuti yule ambaye pesa "zilitumika" mbele yake. Inamtafuta aliyeelekeza na aliyeidhinisha. Faili ikiwa na "iliidhinishwa" bila jina la cheo na bila tarehe, sheria inakosa pa kushika, au inamshika asiyehusika kwa sababu sahihi yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye karatasi. Kamati ya kijiji si lazima iwe ofisi ya umma, lakini mradi wenu ukipokea pesa za kaunti, ripoti yenu inaweza kuingia katika faili inayosomwa na wakaguzi. Iandikeni mkijua hivyo.

Upande wa pili ni wa mwananchi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na afisa anatakiwa kujibu haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya siku 21 kuisha. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Lakini mwombaji naye anatakiwa aeleze habari anayoitaka vya kutosha ili ofisi imwelewe. Ukisoma ripoti inayosema "wakazi walihusishwa", utaomba nini? Ukisoma kwamba msimamizi wa wadi aliitisha mkutano tarehe fulani katika shule fulani, unaweza kuomba kumbukumbu za mkutano huo na orodha ya waliohudhuria. Ripoti iliyomtaja mtendaji inamwonyesha mwananchi mlango wa kubisha.

Kutendwa kuna kazi yake

Sasa msitoke hapa mkiwaza kwamba mmepewa amri ya kufuta kila "-wa" katika ripoti. La hasha. Kuna mahali ambapo kutendwa kunamfaa msomaji kuliko kutenda, na nitataja manne.

Kwanza, pale ambapo mtendaji hajulikani. Mita tatu zimetoweka usiku na kufuli la kibanda lina alama za msumeno. Andika: "Kufuli lilikatwa kwa msumeno na mita tatu ziliibwa." Hapa kutendwa ndiko kunakosema ukweli wote unaoujua. Ukiandika "kufuli lilikatika", umesema pungufu, kwa sababu umefuta ushahidi wa msumeno. Ukiandika "vijana wa sokoni walikata kufuli" na hukuwaona, umesema zaidi ya unachojua, na umewaweka watu hatarini. Kutendwa kunasema: kuna mtu aliyefanya, nami simjui. Hayo ndiyo maneno ambayo polisi wanayahitaji. Usiache tu kuandika dalili uliyoiona, yaani alama za msumeno, kwa sababu dalili hiyo ndiyo inayokupa haki ya kusema "lilikatwa".

Pili, pale ambapo mtendaji hamhusu msomaji. "Mkutano ulifunguliwa kwa maombi saa nne asubuhi." Hakuna atakayeomba habari za aliyeomba. "Tangi lilijengwa kwa mawe." Ikiwa ripoti inahusu nyufa za tangi, mawe ndiyo muhimu, si majina ya waashi.

Tatu, pale ambapo kumtaja mtu kutamdhuru. Bodi ya shule inaandika kuhusu mtoto aliyeumizwa, au kamati inaandika kuhusu mkazi aliyelalamika na anaogopa. "Malalamiko yalipokelewa tarehe 3 kuhusu maji yanayouzwa juu ya bei iliyowekwa." Hapo mlalamikaji amelindwa. Lakini sentensi inayofuata irudi kwenye kutenda: "Katibu alikagua kioski tarehe 5." Linda aliyelalamika, usimfiche aliyetakiwa kuchukua hatua.

Nne, pale ambapo aya nzima inazungumzia kitu kimoja. Tuseme unaeleza historia ya tangi kwa mtu asiyelijua. "Tangi lilijengwa kwa michango ya wakazi. Lilikarabatiwa mara mbili. Sasa linavuja upande wa mashariki." Kila sentensi inaanza na tangi, na macho ya msomaji hayapotei. Ukianza kila sentensi na mtu mwingine, wakazi, fundi, kamati, msomaji anarukaruka kama kuku anayefukuzwa.

Hapa lakini Kiswahili kinatupa zawadi ambayo wengi hatuitumii katika ripoti, ingawa tunaitumia kila siku tukizungumza. Tunaweza kuanza na kitu na bado tukamtaja mtendaji katika kauli ya kutenda. Angalieni: "Shilingi 4,000 zilizobaki mwekahazina alizirudisha benki." "Paipu ya zamani fundi aliikabidhi kwa mlinzi." Kitu kimekaa mbele kwa sababu ndicho tunachozungumzia, na mtendaji hakupotea. Kinachobeba kazi ni kile kiungo kidogo ndani ya kitenzi, "-zi-" katika "alizirudisha" na "-i-" katika "aliikabidhi", kinachokumbusha kitu kilichotajwa mbele. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba ilibidi aandike "zilirudishwa benki" kwa sababu alitaka kuanza na pesa. Haikumbidi.

Na kutendeka nako kuna mahali pake. "Barabara haipitiki kwa gari mvua ikinyesha." Hapo hakuna anayefichwa. Umeeleza hali, na dereva anayesoma amepata alichohitaji. "Paipu ilipasuka kwenye kiungo" ni sawa vilevile, kwa sababu mvua ndiyo iliyosomba udongo, na tumeisema. Kutendeka kunafaa kwa hali ya kitu na kwa mambo yanayotokea bila mkono wa mtu. Hakufai kwa pesa, kwa maamuzi wala kwa ahadi. Pesa hazijitumii. Maamuzi hayajikati. Ahadi haijitekelezi.

Kumbukumbu za mikutano

Makatibu wengi wameniuliza kuhusu kumbukumbu za mikutano, kwa sababu desturi yake ni ya kutendwa. Tunaandika "iliazimiwa kwamba", na "ilipendekezwa na fulani na kuungwa mkono na fulani". Desturi hiyo ni nzuri, msiiache. Katika "iliazimiwa", mtendaji anajulikana: ni mkutano wenyewe. Katika "ilipendekezwa na" tumetumia kutendwa na bado tumemtaja mtu, tukimweka mwisho, mahali ambapo "na" inamkaribisha. Hiyo ndiyo faida ya kutendwa kukiwa kamili.

Kinachoharibu kumbukumbu ni mstari wa mwisho wa kila ajenda. "Itafuatiliwa." "Barua itaandikwa." "Pesa zitakusanywa." Vitenzi hivi ni vya wakati ujao, havina mtendaji, na kila mmoja katika mkutano anatoka akiamini ni kazi ya mwenzake. Mkutano unaofuata jambo linarudi, na katibu anaandika tena "itafuatiliwa". Mkitaka kujua kama kumbukumbu zenu zina ugonjwa huu, chukueni za mikutano mitatu iliyopita mzisome pamoja. Kama sentensi moja ya wakati ujao inajirudia mara mbili au tatu bila kubadilika, angalieni kitenzi chake. Aghalabu hakina mwenyewe.

Dawa yake ni sheria moja tu kwa katibu: kitenzi cha wakati ujao kiwe cha kutenda, kiwe na cheo cha mtu mmoja, na kiwe na tarehe. "Mwekahazina atakusanya mchango wa shilingi 200 kwa kila nyumba kabla ya tarehe 30." Kama mkutano haujamteua mtu, katibu asimame aulize pale pale, "Nani ataandika barua hii?" Ni afadhali kimya cha dakika moja mkutanoni kuliko kimya cha miezi sita baadaye.

Kutenda nako kunaweza kuficha

Nimalizie na onyo upande wa pili, kwa sababu kauli ya kutenda si dawa ya kila kitu. Mtu anaweza kuandika "Kamati ilinunua vifaa" akadhani amemtaja mtendaji. Kamati ni watu tisa au kumi na moja, na hawakwenda dukani wote. Mkutano unaweza kuazimia, kwa sababu kuazimia ni kazi ya wengi. Kununua, kulipa, kupokea na kufunga mlango ni kazi ya mtu. Kwa kazi kama hizo, tajeni cheo: mwekahazina, mlinzi, fundi, katibu. Cheo kinatosha mara nyingi, na ni bora kuliko jina, kwa sababu ripoti inabaki kuhusu kazi, na atakayeisoma baada ya miaka mitano atajua ni ofisi gani ya kuuliza.

Pili, kauli ya kutenda inaweza kumhukumu mtu kabla ya wakati. "Mwekahazina alipoteza shilingi 16,500." Sentensi hiyo ni ya kutenda, fupi, yenye nguvu, na huenda ni uongo. Unajua nini hasa? Unajua kwamba mwekahazina alitoa benki shilingi 48,000, na kwamba risiti zilizo kwenye faili zinafikia 31,500. Basi andika hayo hayo. "Mwekahazina alitoa benki shilingi 48,000. Risiti zilizo kwenye faili zinafikia shilingi 31,500. Kamati haijaona risiti za shilingi 16,500 zilizobaki, na imemwomba mwekahazina azilete kabla ya tarehe 15." Kila kitenzi hapo kina mwenyewe, na hakuna aliyeitwa mwizi. Kama risiti ziko nyumbani kwake ndani ya kitabu, atazileta. Kama haziko, ripoti imeshaonyesha hatua inayofuata.

Angalieni pia kwamba nimeandika "kamati haijaona risiti", si "risiti hazijapatikana". Hazijapatikana inaweza kumaanisha zimetafutwa kila mahali na hazipo. Kamati haijaona inasema ukweli mdogo ulio wa hakika.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani, chukueni ripoti yenu ya mwisho na kalamu. Pigieni mstari kila kitenzi kinachoishia na "-wa" na kila kinachoishia na "-ika" au "-eka". Msikifute kwanza. Kwa kila kimoja ulizeni: nani? Kama humjui, acha kutendwa na uandike dalili ulizoziona. Kama unamjua na msomaji hamhitaji, au kumtaja kutamdhuru, acha. Kama unamjua na msomaji atamhitaji ili aulize, adai, alipe au ashukuru, mtaje kwa cheo chake. Na pale penye pesa, uamuzi au ahadi, usikubali kitenzi kisicho na mwenyewe.

Ripoti ya robo mwaka inakaribia. Aliye na rasimu mkononi aje nayo mbele, tuipitie pamoja kitenzi kwa kitenzi kabla hamjaondoka.